Kisanduku cha Mkalimani: Lugha ya Alama Kwenye Video

Redio siku hizi haiishii masikioni. Kipindi cha kilimo kinachorushwa alfajiri Mbeya au Iringa, ikifika jioni kimeshakatwa vipande vya video, kimepandishwa YouTube na Facebook, na kinatembea kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima kuanzia Uyole hadi Makambako, kuanzia Ilula hadi Mafinga. Hapo ndipo mtu kiziwi anapoingia kwenye hadhira ya redio kwa mara ya kwanza. Simu anayo, bando ananunua, picha anaiona. Maneno ndiyo hayamfikii.

Watayarishaji wengi wanalijua hilo, na wengine wameanza kutafuta dawa yake. Kwenye utafutaji huo wanakutana na njia ya mkato: programu ya kompyuta inayopewa maandishi, na baada ya muda mfupi inatoa kikaragosi kinachochezesha mikono pembeni ya picha. Wataalamu wanakiita avata. Hakidai nauli, hakidai posho, hakiulizi maswali. Kwa mtayarishaji anayesikia, mikono inacheza, kazi imekwisha. Kwa mtazamaji kiziwi, mara nyingi kazi haijaanza, na sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi zikifuatwa kwenye video moja ya kawaida kuliko kwenye nadharia.

Kabla ya video hiyo, ni vizuri kujua inamlenga nani. Nyanda za Juu Kusini si mahali ambapo viziwi ni watu wa kusikika kwa mbali tu. Iringa mjini kuna Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Kilianza na vijana viziwi watatu waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono, zikiwamo zile zinazotokana na kinyesi cha tembo. Baadaye kikapanuka, kikawa na karakana za ufundi wa aina nyingi na mkahawa uliopata jina kwa sababu wahudumu wake ni viziwi: mgeni anaandika anachotaka, au anajifunza alama mbili tatu pale pale mezani. Mtwivila, ndani ya Manispaa ya Iringa, watoto viziwi wanasoma. Njombe kuna shule ya sekondari ya viziwi, na wanafunzi wake wakihitimu wanarudi makwao, wengi wao kwenye familia zinazoishi kwa viazi, mahindi na chai.

Basi ichukuliwe video ya dakika tano kuhusu viazi mviringo. Mada ni bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi na unyevu, ambao mkulima wa Umalila au Kilolo anaufahamu kwa madoa meusi yanayotambaa kwenye majani na shamba zima linaloweza kuungua ndani ya siku chache za mvua na ukungu. Mtaalamu wa kilimo amesimama kwenye mtuta, amebeba bomba la mgongoni, anaeleza. Katikati ya maelezo yake kuna sentensi hii: “Usinyunyize dawa kama upepo unakujia usoni.”

Kwa anayesikia, sentensi hiyo ni nyepesi. Katazo lote limebebwa na silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi. Likiondolewa, ushauri unageuka kuwa hatari. Sasa katika lugha za alama nyingi duniani, mzigo huo wa kukataza haubebwi na vidole pekee. Unabebwa na kichwa kinachotikisika, nyusi zinazokunjwa na macho yanayobadilika wakati mikono inaendelea kuonyesha tendo la kunyunyiza. Sharti lile la “kama upepo unakujia” nalo lina sura yake: nyusi zinapanda, kichwa kinainama kidogo, kuna kituo kifupi, ndipo jibu la sharti linafuata. Huo uso si pambo wala hisia za ziada. Ndio sarufi yenyewe. Kikaragosi chenye mikono mizuri na uso uliotulia kinaweza kumpa mkulima kiziwi alama za dawa, kunyunyiza, upepo na uso, kisha kumwachia aamue mwenyewe kama ameshauriwa au amekatazwa.

Vikaragosi vipya vina nyusi zinazosogea, hilo ni kweli, na ni haki kulisema. Ugumu umehamia kwingine: nyusi zipande lini, zishuke lini, zifunike alama ngapi. Mashine inayosoma maandishi haioni sarufi hiyo kwenye maandishi, kwa kuwa haikuandikwa humo. Inabidi iikisie. Ikikosea kwa nusu sekunde tu, sharti linaangukia kwenye alama isiyo yake.

Kuna pia suala la nafasi. Mkalimani hodari akifika kwenye sentensi ile ile, anaanza kwa kulijenga shamba hewani mbele yake. Mkulima anakaa katikati, matuta yako mbele, upepo unatoka upande wa kulia. Akishauweka upepo mahali pake, kila alama inayofuata inazingatia ramani hiyo. Mkono ulioshika mpini wa bomba unaelekea upande ambako upepo unaenda. Mwili unageuka kuonyesha mkulima anavyopaswa kuuacha upepo mgongoni. Kwa mpigo mmoja mtazamaji ameona nani amesimama wapi na dawa inaruka kwenda wapi. Programu nyingi hazifanyi hivyo. Zinatafuta neno moja moja kwenye ghala la alama zilizorekodiwa, kisha zinaziunganisha kwa mpangilio wa maandishi ya Kiswahili. Upepo unaonyeshwa hewani, hautoki popote wala hauelekei popote. Neno lisilokuwamo ghalani linatajwa herufi kwa herufi kwa vidole, na jina la kiuatilifu lenye herufi kumi na moja linapita kwa kasi ambayo hata msomi kiziwi analiacha.

Kitenzi “kupiga” kinaonyesha ubaya wa kutafuta neno moja moja kuliko maelezo marefu. Wakulima wa Mbeya husema wanapiga dawa, wanapiga simu, wanapiga palizi. Mkalimani hahangaiki na “piga”. Anaonyesha kitendo, na kila kimojawapo kina alama yake. Ghala la alama linaweza kuwa na “piga” moja tu, ile ya kumchapa mtu.

Haya yote yangeweza kurekebishika polepole kama kungekuwa na hazina kubwa ya watu halisi waliorekodiwa wakizungumza kwa alama. Kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo wenyewe huiita LAT, hazina hiyo ni ndogo. Historia inaeleza kwa nini. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni jijini Dar es Salaam ikafuata mwaka 1974. Kwa miaka mingi elimu ya viziwi, hapa kama kwingineko, ilisisitiza mtoto asome midomo na ajitahidi kutamka, na alama zilistawi zaidi bwenini na uwanjani kuliko darasani. Kila shule ikazaa alama zake. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoundwa miaka ya themanini, kimefanya kazi kubwa ya kuzikusanya, na mwaka 2004 mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Henry Muzale, akatoa kamusi ya LAT. Lakini kamusi ya picha ni orodha ya alama. Mashine ya kutafsiri inahitaji mazungumzo: maelfu ya sentensi, watu wa rika na mikoa tofauti, nyuso zikionekana, na mtu kiziwi aliyekaa kueleza nini kimesemwa.

Upungufu huo ndio unaofanya programu iliyoundwa ng’ambo iwe na mtego. Mara nyingi imefundishwa kwa Lugha ya Alama ya Marekani. LAT ina alama zilizoingia kutoka huko kupitia walimu, kwa hiyo mtazamaji wa Iringa anaweza kukamata alama moja hapa na nyingine pale, akahisi kama anaelewa, kisha maana ikamponyoka. Hata jirani hafai kuazimwa hivi hivi. Lugha ya Alama ya Kenya ni lugha nyingine, iliyotajwa kwenye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na inayotumika kama moja ya lugha rasmi za Bunge lao.

Kenya inatoa pia mfano wa kazi ya kikaragosi iliyofanywa kwa umakini. Kijana Elly Savatia na wenzake walitengeneza Terp 360, programu inayogeuza maneno kuwa alama kupitia kikaragosi cha pande tatu, na mwaka 2025 ikashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba miondoko yake ilirekodiwa kwa watu wa pale pale, kwa lugha ya pale pale, badala ya kuchukuliwa kutoka bara lingine. Bado hiyo ni kazi ya Kenya. Kuipeleka kwa mkulima kiziwi wa Rungwe kwa kuwa tu Nairobi si mbali ni kumpa lugha ya mtu mwingine.

Kuna aina ya pili ya kikaragosi ambayo inastahili hofu zaidi. Hiki hakiunganishi miondoko iliyorekodiwa. Akili unde inachora video yote upya, mtu anayefanana kabisa na binadamu, ngozi, macho na mavazi. Mikono yake inapita kwenye maumbo yanayofanana na alama bila kuwa alama yoyote. Vidole vinaungana na kuachana katikati ya mwendo. Aliyezoea kuona wakalimani kwenye televisheni bila kujua lugha hawezi kugundua kitu, na ndiye huyo huyo anayeidhinisha video itoke.

Dunia iliwahi kuona jinsi macho ya wanaosikia yanavyodanganyika, na safari hiyo haikuwa mashine. Tarehe 10 Desemba 2013, kwenye ibada ya kumuaga Nelson Mandela katika uwanja wa FNB mjini Johannesburg, Thamsanqa Jantjie alisimama kando ya Rais Barack Obama na viongozi wengine akichezesha mikono kwa muda mrefu. Waandaaji hawakuona tatizo. Viziwi wa Afrika Kusini waliona mara moja kwamba hakuna kinachosemwa, wakapiga kelele mtandaoni wakati shughuli bado inaendelea. Uso wake haukubadilika, na alama zilijirudia bila kufuata hotuba. Dalili hizo mbili zinatosha kumtilia shaka mtu au kikaragosi hata kwa asiyejua lugha: uso usiobadilika hotuba inapobadilika, na miondoko michache inayozunguka pale pale.

Shirikisho la Viziwi Duniani pamoja na chama cha kimataifa cha wakalimani wa lugha ya alama walitoa tamko la pamoja kuhusu avata mwaka 2018. Hawakuzikataa kabisa. Walisema zinaweza kufaa kwa taarifa zilizorekodiwa mapema na zisizobadilika, kama za hotelini au kwenye kituo cha treni, tena baada ya viziwi wenyewe kushauriwa. Kwa taarifa za moja kwa moja au zenye uzito, zisichukue nafasi ya binadamu. Kwa mazingira ya Mbeya, kikaragosi kilichoandaliwa na viziwi wa Tanzania kingeweza kuonyesha kwenye skrini ya kituo cha TAZARA kwamba mlango wa tiketi uko upande fulani. Kueleza kwamba treni imekwama na abiria wafanye nini, hiyo ni kazi ya mtu. Maelezo ya viuatilifu, chanjo, mafuriko au uchaguzi yako upande huo huo. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kufuatiwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, unawataja wakalimani wa lugha ya alama wa kitaalamu kwa jina katika kifungu chake cha 9.

Sasa video ile ya viazi irudi mezani, safari hii na mkalimani ndani yake.

Mtu wa kwanza wa kutafutwa ni mtazamaji mwenyewe, yaani kiziwi anayelima au aliyekulia kwenye kilimo, na mahali pa kuanzia ni tawi la CHAVITA la mkoa. Yeye ataisoma skripti ya video pamoja na mkalimani, atasema alama gani wakulima wa huku wanazitumia kwa bakajani, kwa tuta, kwa mbegu iliyochipua. Kwa video iliyorekodiwa, kiziwi huyo anaweza hata kuwa ndiye anayeonekana kwenye kisanduku. Mkalimani anayesikia anakaa nyuma ya kamera, anampa kila sentensi kwa alama, naye anaitoa kwa LAT ya asili. Mpangilio huo unatumika duniani na kwa kawaida hutoa lugha tamu kuliko ya mtu aliyejifunza ukubwani. Mwalimu wa shule ya viziwi anaweza kuwa msaada mkubwa, lakini kufundisha ni kazi moja na kukalimani ni nyingine. Aulizwe kama amewahi kukalimani hadharani, na viziwi waulizwe kama wanamwelewa.

Skripti ya video imfikie mkalimani siku kadhaa kabla. Ukurasa wa pili uwe na majina yote: vijiji, jina la kiuatilifu kama lilivyo kwenye lebo, kipimo, na idadi ya siku. Namba ndizo zinazoumiza zaidi. Viuatilifu vya kinga dhidi ya bakajani kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea hali ya hewa na maelekezo ya lebo, na mkalimani akiijua hesabu hiyo mapema anaweza kuionyesha kama mzunguko unaojirudia. Akikutana nayo kwa mara ya kwanza masikioni, anaweza kuacha 7 na kubakiza 14. Na kwa kuwa ameshughulika na maandishi siku nzima kabla ya kamera kuwashwa, siku hiyo nayo ilipwe.

Upigaji picha wa mkalimani una sheria zake, na nyingi ni za bei rahisi. Nyuma yake kuwe na kitambaa au ukuta wa rangi moja usiong’aa. Nguo yake iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, bila mistari, bila pete kubwa wala bangili, maana mkono ndio unaosomwa. Mwanga utoke pande mbili za mbele ili kivuli kisiangukie macho wala mdomo. Fremu ianze juu kidogo ya kichwa na iishie chini ya kiuno, na pembeni pabaki nafasi ya viwiko vikinyooka. Mpiga picha wa harusi aliyezoea kukaza fremu usoni atahitaji kukumbushwa mara mbili.

Kasi nayo ina maana. Vidole vikitaja herufi vinapita haraka, na kamera iliyowekwa kizembe inavigeuza ukungu. Fremu 50 kwa sekunde ni bora, 25 ni kiwango cha chini. Shata iwekwe sehemu ya 100 ya sekunde: inakaza picha ya vidole na inaendana na umeme wetu wa hezi 50, hivyo taa za chumbani hazitapepesa. Chumba kikiwa na giza kwa mpangilio huo, taa iongezwe; shata isipunguzwe.

Halafu unakuja ukubwa wa kisanduku, na hapa ndipo video nyingi zenye mkalimani wa kweli zinamharibia kazi. Mhariri anamweka kwenye duara dogo kama muhuri kwenye kona ya chini. Hesabu inaonyesha tatizo. Video ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 ina eneo la pikseli zaidi ya milioni mbili. Duara lenye upana wa pikseli 240 linachukua kama sehemu moja ya 46 ya eneo hilo, tena linakata viwiko. Mamlaka ya utangazaji ya Uingereza, Ofcom, inataka mkalimani asipungue sehemu moja ya sita ya picha. Sehemu ya sita ya skrini hiyo ni kisanduku cha pikseli 480 kwa 720 hasa. Kwenye simu iliyolazwa yenye skrini ya sentimita 14 kwa 8 hivi, kisanduku hicho kinakuwa na upana wa sentimita tatu na nusu na urefu wa sentimita tano na kidogo. Hapo vidole vinasomeka. Kwenye duara la pikseli 240, mkulima anatazama kitu chenye upana usiofika sentimita mbili.

Kisanduku hicho kikubwa kinapaswa kupangiwa mahali tangu siku ya shambani. Mpiga picha akijua kwamba upande wa kulia wa fremu ni wa mkalimani, atamsimamisha mtaalamu wa kilimo na bomba lake upande wa kushoto, na lile jani lenye madoa halitakuja kufunikwa baadaye. Maandishi ya chini yaishie kabla ya kisanduku. Nembo ya kituo ihamie juu kushoto. Maandishi hayo ni ya lazima pia, kwa kuwa kuna watu waliopoteza usikivu ukubwani wanaosoma Kiswahili vizuri na hawajui alama. Ila yasichukuliwe kuwa yanatosha, maana kwa kiziwi wa kuzaliwa Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na wapo ambao hawakupata shule kabisa.

Kuna jambo moja ambalo mhariri anayesikia hulisahau hata akifanya mengine yote sawasawa. Mtu anayesikia anaweza kutazama mikono ya mtaalamu ikichanganya dawa huku masikio yakipokea maelezo. Kiziwi ana macho tu. Akimtazama mkalimani, kipimo kinamiminwa bila yeye kuona. Akitazama kipimo, sentensi inapita. Kwa hiyo kwenye tendo lenyewe mtaalamu anyamaze. Aeleze kwanza, mkalimani amalize, ndipo kifuniko kifunguliwe na dawa imiminwe, picha ikae sekunde mbili tatu za ziada, kisha maelezo yaendelee. Video ya dakika tano inaweza kufika sita. Wanaosikia nao hawalalamiki. Wengi wao wanapata nafasi ya kuona kipimo kinafika mstari gani.

Mkalimani arekodiwe akiwa amevaa kisikilizi kinachompa sauti ya video iliyokwisha kuhaririwa, na mwanzoni apige kofi moja mbele ya kamera ili mhariri alinganishe picha na sauti. Atakuwa nyuma ya msemaji kwa sekunde chache. Hiyo ni kawaida, anahitaji kusikia sentensi hadi maana yake ikamilike. Mhariri asimsogeze mbele ili midomo na mikono vionekane kwenda pamoja, na shoti ya mwisho isikatwe mtaalamu anapofunga mdomo. Ikatwe mkalimani anaposhusha mikono. Kipindi kikiwa cha moja kwa moja cha saa nzima, wawepo wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa kuwa baada ya hapo akili inachoka na makosa yanaanza kabla mwenyewe hajayahisi.

Video ikikamilika, inapelekwa kwa watazamaji viziwi watatu wanne kabla ya kutoka, wakitofautiana: mmoja aliyesoma Njombe, mmoja mzee, mmoja asiyepata shule. Sauti inazimwa. Swali la “mmeelewa?” halina faida, kila mtu mstaarabu anajibu ndiyo. Wanaombwa waeleze video imesema nini: upepo ukae wapi, dawa irudiwe lini, nani asiingie shambani. Ikiwa wawili wanasema upepo ukae mbele, sentensi hiyo inarudiwa. Kwa ajili hiyo picha ya mkalimani peke yake, kabla ya kuwekwa kwenye kisanduku, itunzwe kama faili lake. Lebo ya kiuatilifu ikibadilika msimu ujao, anaitwa kurekodi sekunde 20 tu, na dakika nyingine zote zinabaki.

Jaribio la mwisho linafanyika kwenye simu ya bei ya chini. Mkalimani awe amechomekwa ndani ya picha yenyewe, kwa kuwa video ikitumwa WhatsApp haibebi picha ya pili pembeni. Itumwe kutoka simu moja kwenda nyingine, kisha itumwe tena kwenda ya tatu, kwa maana WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi na mbano huo unaanza kula vitu vidogo vinavyokwenda haraka. Mtazamaji kiziwi aishike simu hiyo ya tatu na asome jina la kiuatilifu linavyotajwa kwa vidole. Akilikosa, kisanduku kiongezwe ukubwa, au jina liandikwe kwa herufi kubwa kando ya mkalimani kwa muda ule ule anaolitaja.